Mahindi yalipochelewa kufika kinuni: jinsi ya kuchunguza bila kumtafuta wa kulaumu

Mwezi wa Novemba unapofika Cheptiret, mashine ya kukaushia mahindi huwa na wateja kuliko kinyozi siku ya Krismasi. Mbegu za nyanda za juu hukaa shambani miezi sita hadi minane, kwa hiyo yaliyopandwa Machi au Aprili huvunwa kuanzia Oktoba, na mara nyingi mvua za vuli huyakuta kwenye stuka au yakiwa yamepukuchuliwa tu. Kila mtu anataka kukausha wiki hiyohiyo. Mnunuzi wa Eldoret anataka mzigo wake siku aliyosema. Mzigo unapochelewa, jambo la kwanza ambalo watu hufanya ni kuuliza ni nani aliyezembea.

Makala haya yanaeleza njia nyingine ya kuuliza. Ni njia inayofaa chama cha wakulima, ofisi, karakana au zahanati, lakini nitaifuata katika jambo moja tu, la mahindi, kwa sababu hapo kila hatua hupimika. Kikundi nitakachokitumia ni cha mfano, hakina jina, na siku na saa nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane. Hesabu yenyewe ya unyevu ni ya kweli na unaweza kuitumia leo.

Jumatatu, mwenyekiti wa kikundi anapata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mnunuzi wa kiwanda cha unga: "Leteni gunia 200 makavu, kabla Ijumaa iishe." Jumanne saa mbili asubuhi lori linashusha magunia 200 ya kilo 90 kwenye mashine. Mahindi yana unyevu wa asilimia 20. Mbele yao kuna magunia 400. Mashine hukausha magunia 100 kwa mkupuo, mkupuo mmoja huchukua saa tano, na kazi huanza saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mwenyekiti anapiga hesabu ya haraka: mikupuo miwili kwa siku, mia nne zitaisha Jumatano, zetu Alhamisi, Ijumaa asubuhi tuko Eldoret. Anampigia mwenye lori, wanapatana.

Ijumaa karibu saa kumi jioni lori liko kwenye lango la kiwanda. Mpimaji anachoma magunia kwa bambo, anamimina punje kwenye kipima unyevu. Nusu ya mzigo inasoma 13.4, inapokelewa. Nusu nyingine inasoma 14.4, inarudishwa. Jumamosi mashine ina wenyewe, Jumapili haifanyi kazi, kwa hiyo mahindi yaliyorudishwa yanakaushwa tena na kufikishwa Jumatatu. Hata hivyo mzigo wote, ukiunganishwa, unakuwa magunia 185 na siyo 200. Yaliyopungua yanafika Jumatano iliyofuata.

Kijijini habari inakuwa fupi: kijana wa mashine alifunga magunia kabla hayajakauka. Ni kweli alifanya hivyo. Watu wanataka aondolewe. Lakini tuyapitie mambo yalivyokwenda kabla ya kuamua lolote, kwa sababu nitaonyesha kwamba hata kama kijana huyo angefanya kila kitu sawasawa, magunia 200 yasingefika Ijumaa.

Kwanza, kikao chenyewe

Kikao kifanyike ndani ya wiki moja, watu wakiwa bado wanakumbuka. Waitwe wote waliogusa mzigo: aliyepokea ujumbe, aliyeandika daftari la foleni, waendeshaji wote wawili wa mashine, dereva, na taniboi wake. Kama mnunuzi anaweza kuja au kusikika kwa simu, ni bora zaidi. Anayeongoza asiwe mkubwa wa yeyote kati yao, wala asiwe aliyepata hasara. Mwalimu wa shule ya jirani au mjumbe wa kikundi kingine atafaa. Na anayezungumza kwanza awe mdogo kabisa, yaani taniboi, kisha wengine wakipanda hadi mwenyekiti. Mzee anayeheshimiwa akitangulia kusema "hapa kosa ni la mashine", hakuna kijana atakayemkatiza, na kikao kimekwisha kabla hakijaanza.

Mwongozaji atangaze sharti moja na alisimamie: kwenye karatasi hayaandikwi majina, huandikwa nafasi. "Mwendeshaji wa Alhamisi." "Aliyepokea ujumbe." Wanaokaa kuchunguza vifo vya akina mama wakati wa kujifungua wanaijua kanuni hii vizuri. Shirika la Afya Duniani liliitilia mkazo katika mwongozo wake wa mwaka 2004, na Kenya ilipotoa ripoti yake ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo hivyo, ilifuata msingi huohuo wa kutotaja jina na kutolaumu. Hata wachunguzi wa ajali za ndege wana kanuni ya kimataifa inayosema lengo lao ni kuzuia ajali nyingine, siyo kugawa lawama. Kama nidhamu hiyo inawezekana mtu anapokufa, inawezekana pia mahindi yanapochelewa.

Kuna mambo ambayo kikao hiki hakiyafai. Mahindi yakiibwa, mtu akighushi vipimo au akifanya kazi amelewa, hilo lina njia yake na lishughulikiwe peke yake. Msilichanganye humu, kwa maana mtu akihisi kwamba kikao kinaweza kugeuka kuwa mashtaka, atasema yale tu yatakayomkinga.

Kazi ya kwanza ni kuandika mfuatano wa mambo, saa kwa saa, mkitumia vitu badala ya kumbukumbu: ujumbe kwenye simu, daftari la foleni, karatasi ya vipimo, risiti ya lango. Kando ya kila saa kuwe na safu ya pili: mtu huyu wakati huo alikuwa anajua nini? Safu hii ndiyo yenye thamani. Leo sisi sote tunajua kwamba mahindi yalirudishwa, na kwa hiyo kila dalili inaonekana wazi. Ijumaa saa mbili asubuhi hakuna aliyejua. Ndiyo sababu swali "kwa nini hukuuliza?" halisaidii, kwani jibu lake ni kuinamisha kichwa tu. Ulizeni "ulikuwa unaona nini mbele yako?" na "ulidhani itafuata nini?" Hapo mtu ana la kueleza.

Foleni

Daftari la foleni lilikuwa na jina, idadi ya magunia na saa ya kufika. Magunia 400 mbele. Hesabu ya mwenyekiti ilikuwa sahihi kwa kile alichokiona.

Kile ambacho daftari halikuonyesha ni unyevu. Kati ya magunia yale 400, 200 yalikuwa na asilimia 20, na 200 mengine yalikuwa yamenyeshewa, yana asilimia 24. Tofauti ya nne inaonekana ndogo. Tuione kwa uzito. Mahindi yakikauka, kinachopungua ni maji tu, na ile sehemu kavu ya punje inabaki vilevile. Hivyo:

uzito mkavu = uzito wa mwanzo × (100 − unyevu wa mwanzo) ÷ (100 − unyevu wa mwisho)

Kiwango cha juu cha unyevu kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 20 likishushwa hadi hapo linabaki na kilo 83.2, maana yake mashine imetoa karibu kilo 7 za maji. Gunia lenye unyevu wa 24 linabaki na kilo 79.1; mashine imetoa karibu kilo 11. Ni zaidi ya mara moja na nusu. Kwa hiyo mkupuo uliokuwa uchukue saa tano ulichukua saa nane.

Sasa hesabu foleni kwa saa za mashine: tano, tano, nane, nane. Jumla 26, na siyo 20. Jumanne ilikwenda kama ilivyotarajiwa. Mikupuo miwili ya mahindi mabichi ilikula Jumatano yote ikamega Alhamisi hadi saa nane mchana. Mkupuo wa kwanza wa kikundi chetu ukaingia saa hiyo, na ilipofika saa kumi na mbili jioni ulikuwa umekaushwa saa nne kati ya tano.

Na hapa kuna jambo la kukaa nalo. Unyevu wa yale magunia 200 mabichi ulikuwa umepimwa siku yalipopokelewa. Kipimo kiliandikwa kwenye kipande cha katoni kikachomekwa kwenye rundo. Habari ilikuwepo, hatua ishirini kutoka kwenye daftari. Kama ingekuwa ndani ya daftari, Jumanne asubuhi mtu yeyote angejumlisha 26 na 10 za kwao akapata saa 36 za mashine, akaona kwamba kazi ingeisha Ijumaa saa nane mchana, na kubaki na saa mbili tu, kabla kiwanda hakijafunga mizani, za kufunga magunia, kupakia, kusafiri kwa barabara ya Nakuru hadi Eldoret na kusubiri langoni. Jumanne bado kulikuwa na nafasi ya kumpigia mnunuzi simu na kumwomba apokee nusu Ijumaa na nusu Jumamosi. Ijumaa nafasi hiyo haikuwepo.

Foleni ndefu peke yake si kosa la mtu. Dalili ya kwamba foleni inahesabiwa vibaya ni hii: muda uliokadiriwa na muda uliotumika hutofautiana zaidi katika siku za mvua kuliko siku za jua. Mkiona hivyo kwenye daftari, mnahesabu magunia badala ya kazi.

Makabidhiano

Alhamisi jioni mwendeshaji alizima mashine mahindi yakiwa ndani, kipimo 14.4. Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alipokuwa anatoka alimpigia mwenzake simu: "Ya hawa wa Cheptiret yamebaki kidogo tu."

Yeye alimaanisha yamebaki kukauka kidogo, kama saa moja. Mwenzake alipofika Ijumaa asubuhi aliona upande mmoja mahindi ndani ya mashine, na upande wa pili magunia 100 ambayo hayajaguswa. Akaelewa kwamba kazi iliyobaki kidogo ni ile ya magunia yale. Alishika punje, akazitafuna, zikavunjika kwa mlio. Akafunga mkupuo wa kwanza, akaingiza wa pili.

Mtu akisikia habari hii harakaharaka atasema mbona hakupima kwa kifaa? Kikao kikiuliza vizuri kitapata jibu. Kipima unyevu kilikuwa kimefungiwa kwenye kabati la mwandika daftari, ambaye hufika saa tatu. Punje zilikuwa kavu kwa jino, na jino haliwezi kutofautisha 14.4 na 13.5. Hata ile njia ya chumvi ndani ya chupa, ambayo wakulima wengi wanaiamini, huonyesha tu kama unyevu umezidi takriban asilimia 15: chumvi ikishika kwenye kioo, bado, isiposhika, pengine tayari. Mahindi haya yangepita jaribio la chumvi yakashindwa langoni. Tena dereva alikuwa ameshafika anangoja.

Ukiyapanga mambo hayo yote pamoja, alichofanya kijana ndicho ambacho wengi wetu tungefanya. Ukimwondoa, atakayekuja atakuta kabati lilelile limefungwa na atapokea simu kama ileile.

Makabidhiano yanayosaidia yana mambo matatu: mzigo uko wapi, kipimo cha mwisho ni kipi na kilichukuliwa saa ngapi, na kinachofuata ni kitendo gani. Yaandikwe kwenye kadi inayoning'inizwa kwenye mashine yenyewe, kwa kuwa mashine ndiyo kitu cha kwanza ambacho mwendeshaji wa asubuhi hukitazama. Kwa mfano: "Mkupuo wa kwanza uko ndani. 14.4, saa 12 jioni. Washa, pima baada ya saa moja, usifunge kabla ya 13.5." Na kwa kuwa nafaka yenye joto inaweza kukipotosha kifaa, kadi iseme pia kwamba punje zipoe kwanza ndipo zipimwe. Anayepokea, kama wanaonana au wanazungumza kwa simu, arudie kwa maneno yake mwenyewe. Kama mwendeshaji wa Ijumaa angejibu "sawa, kwa hiyo nianze na yale magunia 100", kosa lingejulikana Alhamisi ileile.

Maagizo

Tumebakiza ule ujumbe wa Jumatatu, na huu ndio uliokuwa mzito kuliko yote. "Leteni gunia 200 makavu, kabla Ijumaa iishe."

Gunia la uzito gani? Kenya bei ya mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 90, lakini magunia ya kilo 50 yako sokoni pia. Hapa kwa bahati pande zote mbili zilielewa 90. Makavu kwa kiwango gani? Mnunuzi alijua ni 13.5 na aliona halihitaji kusemwa. Hawezi kulegeza hapo, na ana sababu: mahindi yenye unyevu huota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini, na mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo katika eneo la mashariki mwa Kenya, zikiwemo wilaya za Makueni na Kitui. Ijumaa inaisha saa ngapi? Kwa kikundi ni jioni. Kwa kiwanda ni saa kumi, wanapofunga mizani.

Swali ambalo hakuna aliyeliona ni lingine: magunia 200 kabla ya kukaushwa au baada? Kikundi kilipeleka 200 ya mahindi yenye asilimia 20. Kila gunia lilipoteza karibu kilo 7, na mia mbili zikawa 185. Hakuna aliyeiba. Hakuna gunia lililoanguka njiani, ingawa dereva aliulizwa hilo kwa ukali. Ili kupata kilo 18,000 kavu, ambazo ndizo magunia 200, kikundi kilihitaji karibu kilo 19,460 za mahindi ya asilimia 20, yaani magunia 217.

Mashine inabeba 100 kwa mkupuo. Magunia 217 ni mikupuo mitatu, na saa za mashine zingepita zile 36 kuingia Jumamosi. Kwa hiyo agizo hili, lilivyokusudiwa na mnunuzi, lilikuwa haliwezekani kufikia Ijumaa tangu lori liliposhusha mzigo Jumanne asubuhi. Kijana wa mashine aliongeza usumbufu wa siku chache kwa nusu ya mzigo. Makataa yalikuwa yameshapotea kabla yeye hajaugusa mzigo.

Hivi ndivyo mnavyoweza kujua uchunguzi umefika mahali pake: chukueni kosa lililotajwa na kila mtu, lifuteni kwenye karatasi, kisha mpige hesabu upya. Kazi ikibaki imechelewa, bado hamjafika kwenye chanzo. Fanyeni hivyo kwa kila sababu mliyoiandika. Katika mfano wetu, kufuta kosa la makabidhiano hakuleti magunia 200. Kufuta mahindi yaliyonyeshewa kunarudisha muda lakini yanabaki 185. Kufafanua agizo peke yake kunabadilisha kila kitu, kwa kuwa Jumatatu ileile kikundi kingejua kwamba kinahitaji magunia 217, na mnunuzi angejulishwa mapema asubiri hadi Jumatatu.

Ujumbe wa kumrudishia mnunuzi hauhitaji barua. Unatosha hivi: "Tumeelewa: kilo 18,000 kavu, unyevu usiozidi 13.5, langoni kwako kabla ya saa kumi Ijumaa. Yetu yana 20, foleni ni saa 26. Tunaweza kufikisha nusu Ijumaa na nusu Jumatatu. Unakubali?" Utumwe baada ya kuona foleni, siyo kabla, maana ahadi iliyotolewa bila kulifungua daftari haina namba ndani yake.

Baada ya kikao

Msitoke na maazimio kumi. Kikao hiki kingetoka na manne: safu ya unyevu kwenye daftari la foleni pamoja na safu ya saa za mashine zinazokadiriwa, kadi kwenye mashine, kipima unyevu kikae pale anapofika mwendeshaji wa asubuhi, na kila agizo lijibiwe kwa kilo, kipimo na saa. Kila moja liwe na mtu wa kulisimamia na tarehe. "Tuwe makini zaidi" si azimio, kwa sababu hakuna siku mtakayoweza kulikagua.

Kisha baada ya wiki mbili, msimu ukiwa bado umepamba moto, mwongozaji alifungue daftari bila kumuuliza mtu, atazame ile safu mpya. Pengine ataikuta imejazwa siku za jua na kuachwa tupu siku za mvua, ambazo ndizo ilizowekewa. Hiyo inamaanisha kwamba mwandika daftari anazidiwa watu wakija kwa wingi, na kupima kila mzigo kunamchelewesha. Asiitwe kuhojiwa. Apewe mtu wa kuchoma bambo na kusoma kipimo kwa sauti wakati yeye anaandika.